Vitanda 64 kwa watu 58: uchambuzi wa kisa cha ugawaji wa vyumba kwenye mafungo

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mafungo ya usiku 3 yaliyoandikisha watu 58, katika kituo chenye vitanda 64. Kwa hesabu ya kutoa tu, vitanda 6 vilikuwa vinabaki, na ndiyo maana waandaaji waliuona ugawaji wa vyumba kuwa kazi ndogo ya jioni moja baada ya uandikishaji kufungwa. Rasimu ya kwanza iligawa vitanda kwa kufuata jinsi majina yalivyoingia. Mratibu wa malazi alipoipitia, chumba baada ya chumba, aligundua kwamba haitekelezeki, ingawa kila mshiriki alikuwa na kitanda chake na hakuna kilichoandikwa majina mawili.

Kituo kilikuwa na majengo matatu. La kwanza lilikuwa la chini, halina ngazi, lina vyumba 6 vya vitanda viwili viwili, na kila chumba kina choo na bafu lake. La pili lilikuwa na ghorofa: vyumba 4 vya vitanda vinne vinne chini na vingine 4 kama hivyo juu, na kila sakafu ina choo na bafu la pamoja mwishoni mwa ukumbi. La tatu lilikuwa na mabweni mawili yanayojitegemea, kila moja likiwa na bafu lake na vitanda vya ghorofa vitano, yaani nafasi 5 za chini na 5 za juu.

Washiriki walikuwa mchanganyiko wa kawaida wa mafungo ya namna hii. Kulikuwa na familia tatu zenye watoto: baba na mama wenye watoto wa miaka 4 na 8, mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 12 na wa kike wa miaka 7, na baba mwenye binti wa miaka 10. Kulikuwa na jozi mbili za wanandoa wasio na watoto, na katika mojawapo mume alitumia kiti mwendo na mkewe ndiye aliyemsaidia. Vijana wa miaka 13 hadi 17 walikuwa 17, wasichana 8 na wavulana 9, wakiwa na walezi wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Waliosalia walikuwa watu wazima waliokuja peke yao, wanawake 14 na wanaume 10.

Rasimu ya kwanza iliwaweka wasichana na walezi wao wa kike katika bweni moja, jambo lililojaza nafasi zote 10, ikawaweka wavulana 9 katika bweni la pili pamoja na mlezi mmoja, na mlezi wa pili akapelekwa jengo jingine. Vyumba vya jengo la kwanza vilikwenda kwa walioandikisha mapema, wakiwemo wanandoa wasiokuwa na hitaji lolote maalumu, huku mume mwenye kiti mwendo, ambaye fomu yake iliingia katika siku za mwisho, akiangukia chumba cha juu ghorofani. Jengo la pili lilichanganya wanaume na wanawake katika sakafu moja, chumba kwa chumba. Aliyeandaa rasimu hakuwa mzembe. Jedwali lake lilikuwa na safu ya jina, jinsia na kitanda, na kwa safu hizo tatu hakuna kosa ambalo lingeweza kuonekana.

Kasoro ya msingi ilikuwa kuhesabu vitanda kana kwamba kila kitanda kinaweza kupewa mtu yeyote. Kitanda kinapata masharti yake pale tu mtu wa kwanza anapopangiwa chumba hicho. Chumba cha vitanda vinne kikishaingia kijana mmoja wa kiume, vitanda vitatu vilivyobaki havimfai tena mwanamke, wala mtu mzima, wala mtoto mdogo. Vinawafaa wavulana wa rika lake peke yao. Kama wavulana wa rika hilo hawatoshi kukijaza, vitanda vinavyobaki vimefungwa, hata kama vimetandikwa. Ndiyo sababu mratibu anayesema ana nafasi 6 za ziada anapaswa kuulizwa mara moja ni za nani.

Sharti la pili, ambalo huchelewa kuonekana, linatokana na mabafu. Katika jengo la pili jinsia haikuweza kupangwa kwa chumba, kwa kuwa watu wa vyumba vinne walitumia bafu moja. Mwanamume akilala katika chumba kimoja cha sakafu hiyo, wanawake wa vyumba vitatu vingine watakutana naye usiku wakiwa wamevaa nguo za kulala. Mratibu aliamua kwamba sakafu nzima iwe ya jinsia moja, na uamuzi huo mmoja ulifuta nusu ya rasimu. Uliondoa pia uwezekano wa kuiweka familia ya watu wanne katika chumba cha vitanda vinne, ambacho kwa macho kilionekana kana kwamba kimejengwa kwa ajili yao, kwa kuwa baba au mama angekuwa kwenye sakafu isiyo ya jinsia yake.

Baada ya hapo alianza upya, safari hii akitangulia na wale wenye vitanda vichache zaidi vinavyowafaa. Mtu anayeweza kulala popote hupangwa mwisho kwa sababu hatapungukiwa. Mtu mwenye vitanda viwili tu vinavyomfaa katika kituo kizima hupangwa kwanza, hata kama fomu yake ndiyo ya mwisho kufika. Ukifuata tarehe ya kuandikisha, unatoa kitu adimu kwa asiyekihitaji, kisha unalazimika kumwendea na kumwomba akirudishe.

Wa kwanza akawa mtumiaji wa kiti mwendo na mkewe. Kituo kilitangaza kuwa vyumba viwili vya jengo la kwanza vinafikika kwa kiti mwendo, lakini mratibu hakutosheka na tangazo. Alikwenda na utepe wa kupimia. Milango yote miwili ilikuwa na uwazi unaozidi sentimita 80, kipimo kinachotosha kiti cha kawaida kupita bila mikono ya mtumiaji kukwaruzwa. Ndani, chumba cha kwanza kilikuwa na duara la sentimita 150 ambamo kiti kinaweza kugeuka, mradi kitanda cha pili kisukumwe hadi ukutani. Chumba cha pili nacho kilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini sehemu ya kuogea ilizungukwa na kizingiti cha sentimita 5. Kwa mtu anayetembea kizingiti hicho si kitu, ila kwa kiti mwendo ni ukuta. Kwa hiyo vyumba viwili vilivyotangazwa vilikuwa kwa hakika kimoja, na mwanamume huyo alikuwa na chumba kimoja tu kinachomfaa.

Palibaki kimo cha kitanda. Kiti chake kilikuwa na kimo cha karibu sentimita 50 na kitanda kilikuwa chini ya hapo kwa zaidi ya sentimita 10. Kushuka kutoka kwenye kiti kuingia kitandani kungewezekana, lakini kupanda asubuhi kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kungemlazimu mkewe amnyanyue. Mratibu alimpigia simu mhusika mwenyewe, akamtajia vipimo vyote, na wakakubaliana kitanda kiwekewe godoro nene zaidi, na upande wake wa kulia, ambao ndio anaoutumia kuhama, uachwe wazi kwa sentimita 90. Swali la upande halikuwemo kwenye fomu. Fomu iliuliza tu kama mshiriki ana ulemavu, na jibu la ndiyo au hapana halimwelezi mpangaji chochote anachoweza kukifanyia kazi. Ni bora kuuliza mtu anaweza kufanya nini bila msaada: kupanda ngazi, kuvuka kizingiti, kulala kitanda cha juu, kufika chooni usiku, kusikia king'ora.

Chumba cha pili, chenye kizingiti, kilikuwa na vishikizo ukutani karibu na choo na bafu. Kilimfaa sana mama mmoja wa miaka zaidi ya 70 aliyetembea kwa mkongojo na aliyeeleza kuwa huamka usiku mara kadhaa kwenda chooni. Swali lilikuwa nani alale naye. Miongoni mwa wanawake waliokuja peke yao alikuwemo mmoja aliyelala na mashine ya kusaidia kupumua, ambayo inahitaji soketi ya umeme karibu na kichwa cha kitanda na hutoa mvumo usiokoma hadi alfajiri. Katika bweni angewasumbua wenzake sita au saba, na pengine kwa kuwahurumia angeizima, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Mratibu aliongea na kila mmoja kwa wakati wake. Kwanza alimwomba mwenye mashine ruhusa ya kumtajia mwenzake mtarajiwa kuhusu mvumo huo. Alipokubali, mratibu akamuuliza mama mzee kama sauti ya mashine ingemnyima usingizi. Alijibu kwamba huvivua vifaa vyake vya kusaidia kusikia kabla ya kulala na baada ya hapo hasikii kitu. Jibu hilo lilitatua jambo moja na kufunua jingine, kwa maana mtu asiyesikia mashine hatasikia king'ora cha moto. Mwenye mashine alikubali kuwa ndiye atakayemwamsha, na makubaliano hayo yakaandikwa kwenye orodha ya dharura.

Hapo vilibaki vyumba vinne katika jengo la kwanza, na waliovihitaji walikuwa familia tatu na wanandoa wa pili. Familia ya watu wanne ilihitaji viwili, zile mbili nyingine zilihitaji kimoja kimoja, na wanandoa walikuwa wameomba chumba chao. Jumla ni vyumba vitano, na mama mwenye watoto wawili alikuwa bado anadai kitanda cha tatu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuiweka familia ya watu wanne katika chumba kimoja na kuongeza magodoro mawili sakafuni. Magodoro yalitandikwa kwa majaribio, na yalienea, lakini mlango haukufunguka zaidi ya nusu. Pendekezo likafa papo hapo, kwa kuwa chumba chenye mtoto wa miaka 4 ambacho mlango wake hauwezi kufunguka wote usiku si chumba cha kulala. Walipewa vyumba viwili vilivyopakana, kila mzazi na mtoto mmoja.

Aliyepaswa kuachia ni wale wanandoa. Naamini uamuzi huu ulikuwa sahihi, ingawa ndio uliomgharimu mratibu mazungumzo magumu kuliko yote. Wao walikuwa wa kwanza kabisa kuandikisha, na fomu iliwapa kisanduku cha kuomba chumba cha pamoja, hivyo walikuwa na sababu ya kutarajia. Lakini ombi na hitaji havina uzito mmoja: mtoto wa miaka 10 hawezi kulala bwenini na wageni, ilhali watu wazima wawili wenye afya wanaweza kulala usiku 3 mbalimbali. Mratibu aliwapigia wiki mbili kabla, akawaeleza bila kutaja majina ya watakaochukua chumba wala hali zao, akawapa nafasi ya kujiondoa na kurudishiwa malipo wakitaka. Walikubali. Kama wangesubiri hadi wafike mlangoni na mizigo mkononi ndipo waambiwe, sidhani kama wangekubali kwa moyo huo huo, na wasingestahili kulaumiwa.

Mvulana wa miaka 12 alileta suala la mpaka wa umri. Kanuni ya mafungo ilisema walio chini ya miaka 13 hulala na mzazi, na mama yake alikuwa na chumba cha vitanda viwili na watoto wawili. Ukiisoma kanuni kwa herufi zake, godoro la ziada lilikuwa haliepukiki. Mratibu alirudi kwenye sababu ya kanuni hiyo, ambayo ni kuzuia mtoto asilale na vijana waliomzidi sana umri, na katika utaratibu wao tofauti ya umri ndani ya chumba kimoja haikuruhusiwa kuzidi miaka miwili. Wavulana watatu walikuwa na miaka 13 na 14. Mvulana huyo akiungana nao hakuna aliyemzidi zaidi ya miaka miwili, na chumba kinajaa. Mama aliulizwa, mtoto naye akaulizwa peke yake ili asijibu la kumridhisha mama, na wote walitaka. Walezi walikubali kwa maandishi. Naona huku ni kuitii kanuni na si kuivunja, mradi tu sababu ya kulegeza iandikwe, kwa sababu mwakani mtu mwingine ataleta mtoto wa miaka 11 na kudai kwamba mlango umeshafunguliwa.

Vijana walihamishwa kutoka mabwenini hadi jengo la pili. Utaratibu wa ulinzi wa watoto uliwakataza watu wazima wasio wazazi kulala chumba kimoja na watoto, huku ukitaka mlezi awe karibu kiasi cha kusikia mlango ukifunguka. Bweni lisilo na chumba cha pembeni haliwezi kutimiza masharti yote mawili: mlezi ama yumo ndani ama yuko jengo jingine. Katika jengo la pili, wasichana 8 walijaza vyumba viwili, walezi wao wawili wakalala katika chumba kinachotazamana na vyumba hivyo pamoja na wanawake wawili, na chumba cha nne kikachukua wanawake wanne. Wavulana, sasa 10, waligawanywa wanne, watatu na watatu kwa kufuata umri, na chumba cha nne kikachukua walezi wawili na wanaume wawili. Kwa kuwa watu wazima na vijana walitumia bafu moja katika kila sakafu, ilipangwa saa ya vijana peke yao asubuhi na jioni, na milango ya vijumba vya kuogea ilikaguliwa komeo moja baada ya jingine.

Mmoja wa wanaume wawili waliolala na walezi alikuwa kiziwi. Kituo hakikuwa na king'ora cha taa. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba walezi, wakiwa chumbani humo, ndio wangemwamsha, lakini wakati wa moto walezi wote wawili wana vyumba vitatu vya wavulana vya kukimbilia. Kwa hiyo kazi hiyo alipewa rafiki yake aliyekuja naye, na ndiyo sababu hasa rafiki huyo aliwekwa kitanda cha jirani.

Mabweni yakawa ya watu wazima: wanawake 7 katika moja na wanaume 9 katika jingine. Hapa kinachohesabiwa ni nafasi za chini. Wanawake walikuwa na 5, na mmoja wao alikuwa mjamzito, naye akapewa ya chini iliyo karibu na mlango wa bafu. Wawili walipaswa kupanda juu, na walipatikana kwa kuulizwa. Wanaume walikuwa na nafasi 5 za chini na wanne kati yao walisema hawawezi kupanda kwa sababu ya umri au mgongo. Ilitosha, kwa nafasi moja tu. Kama vijana wangebaki mabwenini na watu hawa wakapelekwa ghorofani, tatizo la ngazi lingechukua mahali pa tatizo la vitanda vya juu, kwa hiyo mabadiliko haya yaliwafaa pande zote mbili.

Siku nne kabla ya kuanza, msichana mmoja wa miaka 15 alivunjika mguu na kufungwa plasta. Katika jengo la pili, mpango wakati huo uliwaweka wanawake wote sakafu ya juu na wanaume ya chini. Kumtoa msichana huyo peke yake na kumtafutia kitanda jengo la kwanza kungemtenga na wenzake na walezi, tena hapakuwa na kitanda. Mratibu alibadilisha sakafu nzima kwa nzima: wanawake wakashuka, wanaume wakapanda, na kila chumba kikabaki na watu wale wale. Kabla ya kufanya hivyo aliwapitia wanaume 14 wa jengo hilo, akahakikisha hakuna aliyejaza kuwa ngazi zinamshinda. Msichana akapewa chumba kinachopakana na bafu. Mabadiliko hayo yalikuwa mepesi kwa sababu jinsia ilipangwa kwa sakafu. Kama vyumba vingekuwa vimechanganywa, kila aliyehamishwa angemsukuma mwingine.

Orodha zilitengenezwa mbili. Iliyobandikwa kwenye kila mlango ilikuwa na majina peke yake, bila umri, bila hali ya afya, na katika vyumba vya vijana haikubandikwa kabisa, ili mpita njia asijue mtoto gani analala wapi. Ya pili, yenye mahitaji na majina ya waamshaji, ilikaa kwa mratibu na kwa msimamizi wa usiku wa kituo, na ilichanwa mafungo yalipokwisha.

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, wanaume wawili ambao hawakuwa wameandikishwa walipiga simu kuomba kuja, wakiwa wamesikia kwamba vitanda 6 viko wazi. Vilikuwepo kweli: 3 katika bweni la wanawake, 2 katika vyumba vya wavulana, na 1, cha juu, katika bweni la wanaume. Mratibu alimuuliza wa kwanza kama anaweza kupanda kitanda cha juu, akasema anaweza, akaandikwa. Wa pili aliambiwa kwamba nafasi zimekwisha, na alipouliza kuhusu vitanda vitano vilivyobaki alielezwa kwamba hakuna hata kimoja ambacho mwanamume mtu mzima anaweza kukilalia.